Jinsi ya Kuugua Mafua Uingereza na Kuruka Foleni

Mdogo wangu, sogea karibu, lakini si karibu sana, maana unakohoa.

Umefika Uingereza mwezi jana. Leo koo linakuwasha, kichwa kinagonga, magoti yanauma kama uliyeshinda unapakua magunia ya mahindi, na blanketi mbili hazikutoshi. Kwenu ungejua pa kwenda. Ungevaa ndala, ungefika duka la dawa la kona, ungemweleza muuzaji kwa sentensi mbili, ungerudi na vidonge vya rangi tatu ndani ya bahasha ndogo ya kaki. Huku umemuuliza aliye chumba cha jirani, naye amekuambia, "Jiandikishe kwa GP." Hujui GP ni nani, anakaa wapi, wala kwa nini umwandikie wakati unaumwa.

Nitakupa njia za mkato. Zote ni halali, na hakuna hata moja inayomdhulumu mgonjwa mwenzako. Siri ni moja tu, na hatua zote zinazunguka hapo: matibabu ya Uingereza yanaendeshwa kwa maswali. Mwenye majibu tayari hupita haraka, na asiye nayo hubaki nje hata akiwa na haki zote mfukoni. Kwa hiyo ujanja wako wote uweke kwenye majibu.

Hatua ya 1: Kata tiketi kabla hujaumwa

Kwanza jua kwamba umeshalipa. Ulipoomba viza ulikatwa ada ya afya, na tangu Februari 2024 mwanafunzi hulipa pauni 776 kwa kila mwaka wa viza. Kwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, viza kwa kawaida huwa ya miezi 17, na ile miezi mitano ya juu huhesabiwa nusu mwaka. Jumla ni pauni 1,164. Uliilipa ukiwa bado kwenu, ukilalamika, na sasa umeisahau. Ikumbuke. Kwa ajili ya ada hiyo unatibiwa na Huduma ya Taifa ya Afya, yaani NHS, kama anavyotibiwa aliyezaliwa hapo. Kwa hiyo usiende kwa unyonge wa mtu anayeomba hisani.

GP ni daktari wa mtaa. Ana kituo chake chenye wauguzi na mapokezi, na huhudumia watu wa eneo lake waliojiandikisha. Huduma nyingi huanzia kwake, pamoja na kutumwa kwa daktari bingwa. Kujiandikisha ni bure. Tafuta kituo kinachohudumia mtaa wako, ujaze fomu mtandaoni au uchukue ya karatasi iitwayo GMS1. Ukiambiwa lete pasipoti, lete bili ya umeme, lete mkataba wa nyumba, jibu kwa upole kwamba huna, na kwamba kwa kanuni za England kituo hakiruhusiwi kukukatalia kwa sababu ya kukosa kitambulisho au uthibitisho wa makazi. Sema hivyo ukitabasamu. Wa mapokezi anaijua kanuni, ila hakutegemea wewe uijue.

Ukishasajiliwa unapata namba ya NHS yenye tarakimu kumi, na unaweza kutumia programu ya simu iitwayo NHS App. Fanya haya wiki ya kwanza, ukiwa mzima na una subira. Kama umechelewa na sasa homa imeshakukamata, usikate tamaa. Jiandikishe leo hiyo hiyo ukiwa umelala, kisha uendelee na hatua ya pili, maana hiyo haihitaji usajili wowote.

Hatua ya 2: Mruke daktari, nenda kwa mfamasia

Najua unataka daktari. Sote tunataka daktari, maana ugonjwa wetu tunauona ni mkubwa kuliko wa wengine. Lakini homa ya mafua husababishwa na virusi, na kwa kijana mwenye afya kwa kawaida hupungua yenyewe katika muda wa wiki moja. Daktari atakachokuambia ni kupumzika, kunywa maji mengi na kumeza paracetamol. Ukisubiri siku tano kuambiwa hayo, umepoteza siku tano.

Mfamasia hana foleni ya miadi. Unaingia, unasema unataka kuzungumza na mfamasia mwenyewe, naye anakusikiliza bure. Ukitaka faragha, anacho chumba kidogo pembeni. Tangu tarehe 31 Januari 2024, wafamasia wa England wana ruhusa ya kutibu magonjwa saba bila karatasi ya daktari, na koo linalouma na uvimbe wa matundu ya pua yamo. Homa ya mafua haimo. Lakini kama shida yako kubwa ni koo, yeye mwenyewe atalikagua na kuamua kama linahitaji dawa ya kuua bakteria.

Hapo ndipo utakutana na mshtuko wa kwanza. Ukiomba amoksilini kama ulivyozoea, utanyimwa. Usimbembeleze, wala usimwambie kwamba kwenu inauzwa hata kwa nusu dozi, hiyo haitakusaidia. Amoksilini huua bakteria, na mafua yako ni ya virusi, kwa hiyo hata angekuuzia ungerudi chumbani na mafua yale yale pamoja na tumbo la kuhara.

Wapo wachache wasiopaswa kusubiri. Kama una pumu, selimundu, kisukari, ugonjwa wa moyo, au una mimba, tafuta daktari mapema, siku ile ile unapoanza kuumwa. Zipo dawa za kupambana na virusi vya mafua kwa watu wa hali hizo, na hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 48.

Hatua ya 3: Hesabu vidonge kama unavyohesabu nauli

Paracetamol ni ile ile Panadol ya kwenu. Nunua ya supamaketi, yenye jina la supamaketi yenyewe: pakiti ya vidonge 16 huuzwa chini ya pauni moja, na dawa iliyomo ni ile ile ya pakiti yenye picha ya mtu anayetabasamu inayouzwa mara nne zaidi. Usishangae ukikataliwa kununua pakiti nyingi. Tangu 1998, kwa sheria, duka la kawaida huuza pakiti za vidonge visivyozidi 16, na famasi visivyozidi 32, kwa sababu watu walikuwa wakijidhuru kwa kuvimeza vingi.

Kipimo cha mtu mzima ni vidonge viwili vya miligramu 500 kwa mara moja, upite muda wa saa nne angalau kabla ya kurudia, na visizidi vinane kwa saa 24.

Sasa angalia mtego. Kando ya vidonge utaona vipakti vya unga wa limau, vile vya kukoroga kwenye maji ya moto. Vinanukia vizuri na vinafariji. Geuza boksi usome nyuma: kipakti kimoja kina paracetamol miligramu 650, na vingine 1,000. Mwanafunzi anameza vidonge vinane kwa siku, katikati anakunywa vipakti vinne vya 1,000 "kama chai", na jioni amefikisha gramu nane wakati kikomo ni nne. Ini huumia kimya kimya, na siku ya kwanza mtu anaweza asihisi kitu. Kwa hiyo chagua kimoja: vidonge au vipakti. Ukigundua umezidisha, usingoje dalili, piga 111 au nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Na kujifukiza? Najua umekuja na majani ya mwarobaini kwenye begi. Asali na limau kwenye maji ya uvuguvugu ni sawa kabisa, hata wao wanashauri. Lakini sufuria ya maji yanayochemka juu ya kitanda chembamba, wewe ukiwa chini ya blanketi na kichwa kizito, ni njia ya kuungua mapaja. Iache.

Hatua ya 4: Sahau "sijambo" kwa siku tatu

Hii ndiyo hatua ngumu, maana inagusa malezi. Sisi tumefundishwa kwamba mtu akikuuliza hali unajibu nzuri. Unaweza kuwa umelazwa, dripu inatiririka, mgeni akaingia akasema "hujambo," nawe ukajibu "sijambo," kisha baada ya salamu za nyumbani, watoto na mvua, ndipo unataja ugonjwa. Ni adabu nzuri, na yule aliyekuja kukutazama anaijua, kwa hiyo anasubiri.

Muuguzi wa Uingereza hasubiri. Anakuuliza hali, unajibu nzuri, na yeye anaandika kwamba mgonjwa anajisikia vizuri. Ameshakuhukumu kwa kinywa chako mwenyewe.

Basi andaa karatasi. Ni karatasi ndogo tu, yenye mistari mitano, na uiandike sasa ukiwa na akili timamu:

Nilianza kuumwa lini, siku na saa. Joto lilikuwa ngapi nilipopima, na saa ngapi. Dawa gani nimemeza, kiasi gani, saa ngapi. Nina ugonjwa gani wa kudumu, na dawa gani hunidhuru. Na wa mwisho, ulio muhimu kuliko yote: nilitoka nchi gani, mkoa gani, tarehe ngapi.

Kwa mstari wa pili, nunua kipimajoto cha kawaida. "Mwili unawaka" hakuna anayeweza kuuandika, lakini 38.9 inaandikika. Na mstari wa tatu unaulinda ule wa pili, maana paracetamol hushusha joto. Ukiimeza saa moja kabla ya kupimwa, kipimajoto cha muuguzi kitasema 37.2 na utaonekana umekuja kuzurura.

Angalizo kwa ndugu zetu wa Kenya: kwenu mtu akisema ana homa huenda ana mafua tu, na Mtanzania akisema ana homa anamaanisha joto la mwili. Ukipewa mkalimani wa Kiswahili, mpe namba ya kipimajoto, naye hatapotea.

Hatua ya 5: Jua saa ya kupiga simu

Vituo vingi vya GP hufungua simu saa mbili kamili asubuhi, ambayo wao huiita saa nane. Dakika hiyo hiyo mtaa mzima unapiga. Kwa hiyo usipige saa tatu ukitegemea nafasi ya leo. Njia ya mkato zaidi ni kutopiga kabisa: tangu tarehe 1 Oktoba 2025 vituo vya England vinatakiwa kuacha fomu yao ya mtandaoni wazi siku nzima ya kazi, tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni, kwa maombi yasiyo ya haraka. Unaijaza ukiwa kitandani, unanakili karatasi yako ya mistari mitano, na wao ndio wanakutafuta.

Kituo kikiwa kimefungwa, au huna kituo, au unahisi jambo haliwezi kusubiri, piga 111. Simu ni bure, mchana na usiku. Unaweza pia kujibu maswali kwenye 111.nhs.uk. Ukitaka mkalimani, taja neno Swahili mwanzoni kabisa, usingoje mpaka umepotea.

Anayepokea si daktari. Anasoma maswali kwenye skrini kwa mpangilio maalumu, na ya mwanzo huwa ya kutisha: unapumua? unatoka damu? kifua kinauma? Usikasirike ukaona anakuchezea. Anaondoa kwanza yale yanayoua kwa dakika, kisha anashuka polepole hadi kwenye mafua. Jibu kila swali kwa ufupi.

Najua hapa shetani atakunong'oneza uongeze chumvi, useme kifua kinabana ili mambo yaende haraka. Usifanye. Ukitaja maumivu ya kifua, maswali yanahamia njia nyingine, unaweza kuletewa gari la wagonjwa, utapimwa moyo, na hakuna atakayekumbuka kukuuliza kile ulichopaswa kuulizwa. Uongo utakupeleka haraka mahali ambapo si pako.

Hatua ya 6: Taja neno ambalo wao hawatalitaja

Sasa sikiliza vizuri, maana hatua nyingine zote nimezipanga ili tufike hapa.

Kwenu, kila homa ni malaria mpaka kipimo kikatae. Huku, karibu kila homa ni mafua, na hakuna anayewaza malaria. Wewe uko katikati: mwili wako umetoka huko na daktari wako amesomea huku. Malaria inaanza kwa homa, kutetemeka, kichwa kuuma, viungo kuuma na uchovu, wakati mwingine na kikohozi. Yaani inaanza kama mafua. Na mwezi Oktoba, kila bweni lina watu wanaokohoa kwa sababu wanafunzi wamekusanyika kutoka kila pembe na kila mmoja amekuja na virusi vya kwao. Mwenzako wa chumba cha jirani anaumwa vile vile, hivyo kila mtu atadhani wako ni ule ule.

Uingereza hakuna mbu wanaoeneza malaria, lakini mwaka 2023 walithibitishwa wagonjwa zaidi ya 2,000 walioambukizwa nje ya nchi. Wengi walitoka Afrika, na wengi walikuwa wamekwenda kuwaona ndugu. Ndiyo maana somo hili halimhusu mgeni wa Septemba peke yake. Linamhusu pia aliyekaa huku miaka mitatu, akaenda kwao Krismasi, akalala bila chandarua kwa sababu "mimi nimezaliwa hapa," akarudi Januari. Kinga ile ya kuzoea hupungua mtu akiishi mbali kwa muda. Mbu hajui ulizaliwa wapi.

Malaria ile kali ya kwetu mara nyingi hujitokeza ndani ya miezi mitatu baada ya kutoka eneo lenye mbu, mara chache baadaye, na si kabla ya siku sita hivi tangu kuumwa. Kwa hiyo kanuni yako iwe hivi: ukipata homa, na ndani ya miezi kumi na miwili iliyopita ulikuwa mahali penye malaria, mtu wa kwanza unayezungumza naye aambiwe sentensi moja tu: "Nina homa, nimetoka Tanzania tarehe fulani, naomba nipimwe malaria leo." Wa Nairobi asijitoe. Kama ulipita Kisumu au pwani kuaga bibi kabla ya safari, taja hiyo safari.

Neno "leo" usiliache. Kwa mwongozo wa madaktari wa Uingereza wenyewe, homa ya aliyetoka penye malaria ni jambo la kupimwa siku hiyo hiyo. Ukilitamka, unatoka kwenye foleni ya mafua na kuingia kwenye foleni yako halisi. Hiyo ndiyo njia ya mkato kuliko zote, na ni ukweli mtupu.

Tuipitie kwa mfano

Tuseme unatoka Kigoma. Umeshuka Heathrow Jumapili tarehe 21 Septemba. Ijumaa tarehe 3 Oktoba, siku ya 12, unaamka na kichwa kizito. Saa kumi jioni unapima joto: 38.9. Unameza vidonge viwili, unaandika. Saa moja usiku, kituo cha GP kimeshafungwa, unapiga 111.

Ukisema "nina mafua, mwili unauma," utajibiwa maswali yakiisha kwamba upumzike, unywe maji, umeze paracetamol, na upige tena ukizidiwa. Aliyepokea simu hajakosea. Amekujibu kwa kile ulichomwambia.

Ukisema "nina homa, nimetoka Kigoma siku 12 zilizopita, eneo lenye malaria," mazungumzo hugeuka. Utaelekezwa hospitali yenye idara ya dharura usiku huo. Pale mapokezi unarudia sentensi ile ile. Muuguzi anapima joto: 37.3. Unamwonyesha karatasi: 38.9 saa kumi, paracetamol saa kumi na dakika tano. Anaelewa, anaendelea.

Wanatoa damu, inapelekwa maabara, inatazamwa kwa hadubini kama slaidi ya kwetu. Unasubiri saa kadhaa, kwa hiyo nenda na chaja na koti. Majibu yanakuja: hakuna kilichoonekana. Hapo ndipo wengi hushangilia na kutupa karatasi. Wewe usiitupe. Kipimo kimoja hakitoshi kuiondoa malaria, maana vimelea huenda bado ni vichache. Utaambiwa kirudiwe baada ya saa 12 hadi 24, na tena baada ya saa 24 nyingine. Rudi Jumamosi hata kama umeamka nafuu, maana homa ya malaria ina tabia ya kuondoka na kurudi.

Jumamosi slaidi inaonyesha vimelea. Kwa malaria ile kali watakulaza, angalau siku moja ya mwanzo, na dawa utakayopewa huenda ikawa ya jamii ile ile ya mseto unayoijua. Hapo utaona kwa nini nakukataza kumeza mseto uliofichwa kwenye begi kabla ya kupimwa. Nusu dozi hupunguza vimelea kiasi cha kutoonekana kwenye slaidi bila kuvimaliza, unapewa ruhusa ya kurudi bwenini, na baada ya wiki unarudishwa ukiwa umebebwa. Chukua huo mseto, uweke mfukoni, mwonyeshe daktari.

Na kama vipimo vyote vitatu havina kitu? Basi huenda ni mafua tu. Rudi ukalale. Hukumpotezea mtu muda, maana kuondoa malaria ni kazi yao, na sasa mafua yako yana cheti.

Hatua ya 7: Siku ya kukimbia, kimbia

Kuna siku ya kutofuata hatua. Ukishindwa kupumua hata kumaliza sentensi, kifua kikiuma ghafla, ukikohoa damu, au wenzako wakiona unaongea ovyo, piga 999. Usingoje kuvaa vizuri, najua hutaki waone chumba kilivyo. Wameona vibaya zaidi.

Ongeza dalili za homa ya uti wa mgongo, ambayo hupenda mabweni: shingo kukakamaa, mwanga kuumiza macho, usingizi mzito, na vipele visivyofifia ukivigandamiza kwa bilauri ya kioo. Kwenye ngozi nyeusi vipele hivyo havionekani kirahisi, kwa hiyo tazama viganja, nyayo, ndani ya kope na kaakaa. Lakini usingoje vipele, huenda visitokee kabisa. Na kama hujafikisha miaka 25 na hukuwahi kuchanjwa, muulize GP kuhusu chanjo ya MenACWY, ni bure.

Hatua ya 8: Usiende kutafuta ED

Mwisho, karatasi. Kwetu ukiumwa siku mbili unatafuta ED, na bila muhuri hakuna anayekuamini. Huku mwajiri hadai karatasi ya daktari kwa ugonjwa usiozidi siku saba. Unajaza mwenyewe kwamba ulikuwa mgonjwa. Vyuo vingi navyo vina fomu kama hiyo kwa mitihani na kazi za darasa. Ukimlazimisha GP akuandikie barua ya siku tatu, anaweza kukutoza, maana barua hiyo haimo kwenye kazi anayolipiwa na serikali.

Lakini toa taarifa chuoni siku ya kwanza, kwa barua pepe yenye mistari miwili. Chuo ndicho kilichodhamini viza yako, nacho hufuatilia mahudhurio. Kukaa kimya wiki mbili ndiko kunakoleta barua mbaya.

Ukiandikiwa dawa na daktari, England utalipa pauni 9.90 kwa kila aina ya dawa. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini hulipi. Kipato chako kikiwa kidogo, jaza fomu HC1 mapema, inaweza kukusamehe. Na kabla ya kulipa 9.90, muulize mfamasia kama dawa hiyo inauzwa bila karatasi kwa bei ya chini. Mara nyingi atakuambia ukweli.

Sasa chukua kalamu. Andika mistari yako mitano, ubandike nyuma ya mlango, pale unapotundika koti. Mstari wa mwisho uandike kwa herufi kubwa: nilitoka wapi, tarehe ngapi. Kila ukirudi kutoka kwenu, ubadilishe tarehe. Na siku homa itakapokupata, mtu akakuuliza hali, kabla hujasema nzuri, geuka kwanza uusome mlango.